Kampuni mpya, mizania mpya

Kinu cha unga na kiwanda cha mikate vinaunganishwa chini ya kampuni mpya, italipa kwa hisa. Tuseme mali ya kinu, kwa thamani mliyokubaliana, ni milioni 90, madeni 20. Bei yake ni 70. Kiwanda kina mali ya 60, madeni 25, lakini wenyewe wamekubaliwa 45. Ile 10 ya ziada ni thamani ya jina na wateja, nayo huandikwa kama mali.

Wengi hukosea hapa: kiwanda kinadaiwa na kinu milioni 5 za unga. Kampuni haiwezi kujidai, kwa hiyo 5 hufutwa pande zote mbili. Mizania ya kwanza: mali 155, hisa 115, madeni 40.