Fahamu: Sugu inayowatesa walinzi wa Doha

Wakenya na Waganda wengi walioko Doha ni walinzi, na kazi yao ni kusimama kutwa juu ya marumaru wakiwa wamevaa viatu vyeusi vilivyochongoka mbele. Kiatu kikibana kidole kidogo, ngozi hujikinga kwa kuwa nene. Ikiendelea kukandamizwa hufanya kiini kigumu kinachochoma kwa ndani.

Usikikate kwa wembe. Loweka mguu kwenye maji ya vuguvugu dakika kumi, sugua taratibu kwa jiwe la miguu, kisha paka krimu ya urea kila usiku. Acha kusugua kabla ngozi haijawa nyekundu. Plasta za asidi ya salisiliki hula hata ngozi nzima; mwenye kisukari asiziguse kabisa.

Ila bila kubadili kiatu, sugu itarudi tu. Simama juu ya karatasi, chora unyayo wako, kisha weka soli ya kiatu juu ya mchoro: mstari ukitokeza pembeni, kiatu hicho si chako. Nunua jioni, miguu ikiwa imevimba, na uache nafasi ya sentimita moja mbele.

Ukiona usaha, weusi au ganzi, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo.