Damu Inayojila Yenyewe

Mbwa jike wa kilo 12, koka spanieli wa miaka sita, anagoma kula. Ufizi wake umekuwa mweupe wenye umanjano, mkojo ni wa kahawia. Kipimo kinaonyesha chembe nyekundu ni asilimia 14 tu ya ujazo wa damu, ilhali kwa mbwa mzima hazipungui sana chini ya 37. Hajajeruhiwa popote. Damu imekwenda wapi?

Kabla ya kutuma chochote maabara, daktari huweka tone la damu kwenye kioo na kulichanganya na matone manne ya maji ya chumvi ya dripu. Chembe zilizojipanga mstari tu huachana. Zikibaki zimeshikana mafungu mafungu, mara nyingi ni kingamwili zinazozinata pamoja. Kinga ya mbwa imezigeuka chembe zake yenyewe.

Hadubini huongeza ushahidi. Chembe nyekundu ya mbwa ni kama kisosi, katikati imebonyea na hupauka. Chembe iliyobandikwa kingamwili ikipita kwenye bandama, seli walaji huimega kipande cha utando wake. Kinachobaki hujikunja kuwa kitufe kidogo cheusi kisicho na mpauko, yaani sferositi. Kwa paka usitegemee dalili hii, kwani chembe zake ni ndogo na hazina mpauko wa kutosha kulinganisha.

Kwetu Afrika Mashariki swali la kwanza liwe kupe. Babesia, kimelea anayeenezwa na kupe, huweza kuiwasha kinga hiyo. Kumtuliza mbwa kinga bila kumtafuta kimelea ni kumwachia adui mlango wazi.

Mbwa wetu hana babesia. Anapewa prednisoloni, miligramu 2 kwa kila kilo kwa siku, hivyo takriban vidonge vitano vya miligramu 5. Atakunywa maji mno na kukojoa ovyo. Wenye mbwa hulalamikia hilo kuliko ugonjwa. Dawa huchukua siku kadhaa, pengine wiki mbili, kufanya kazi, na katikati huenda akahitaji kuongezewa damu. Akizidi kudhoofika, huongezwa azathioprini au mikofenoleti.

Ila wengi hawafi kwa upungufu wa damu wenyewe. Chembe zinazopasuka na uvimbe wa ndani huichochea damu kugandia mishipani, na bonge likifika mapafuni mbwa huanza kuhema ghafla, hata siku ambayo damu imeanza kupanda. Hatari ni kubwa zaidi wiki mbili za mwanzo. Kwa hiyo dawa ya kuzuia kuganda huanza siku ileile ya prednisoloni: kwake, nusu kidonge cha klopidogreli cha miligramu 75 kila siku, mradi chembe sahani zake hazijashuka sana.

Chembe zikipita asilimia 30 na kutulia wiki mbili, prednisoloni hupunguzwa robo, kisha robo nyingine kila baada ya wiki tatu hivi, damu ikipimwa kabla ya kila hatua. Kazi hiyo huchukua miezi. Mwenye mbwa anayeona amechangamka na kuziacha dawa mwezi wa pili humrudisha kliniki, ufizi mweupe tena.