Muuzaji anapoomba daftari la wanachama

Barua pepe inamfikia meneja wa SACCOS: “Tutumie faili la wanachama, wiki ijayo mtaanza kutumia programu yetu.” Faili hilo lina majina, namba za NIDA, simu na akiba za watu. Nchini Tanzania taarifa hizo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa hiyo mkataba utangulie. Kwa majaribio, majina ya kubuni yanatosha kabisa.

Kazi ngumu ni salio la kuanzia. Tuseme leja kuu inaonyesha akiba ya shilingi 48,600,000, lakini kadi za wanachama zikijumlishwa zinafika 48,350,000. Hizo 250,000 zitafutwe kwanza. Mara nyingi ni fedha iliyowekwa kwa simu, ikaingia leja kuu bila kuandikwa kwenye kadi ya mwenyewe.

Hata jumla zikilingana, usitulie. Fedha ya Asha mmoja ikiandikwa kwa Asha mwingine, jumla haibadiliki hata senti. Kosa hilo hugunduliwa mwanachama anapopewa taarifa ya salio lake, akailinganisha na kitabu chake na kutia saini.