Tangi, Masafa na Sheli: Kuchagua Gari la Barabara za Karagwe na Kyerwa

Gari linalotoka Kayanga kwenda Murongo, kwenye Mto Kagera mpakani mwa Uganda, linakabili takriban kilomita 110 za vilima na mabonde. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya njia hiyo imekuwa ya changarawe. Kwenda na kurudi ni kilomita 220, umbali ambao kwenye karatasi hauwezi kumtisha mnunuzi yeyote wa gari. Kinachoamua kama safari itaisha salama ni mambo matatu yanayopaswa kupimwa pamoja: mafuta yanayoweza kutumika tangini, kilomita ambazo lita moja inatembea kweli katika barabara hiyo, na umbali kati ya sheli moja ya kutegemewa na nyingine.

Ujazo wa tangi ulioandikwa kwenye kitabu cha gari si mafuta yote ya safari. Lita za mwisho hazifai kuhesabiwa. Katika magari mengi ya petroli ya siku hizi pampu imo ndani ya tangi na hupozwa na mafuta yanayoizunguka, kwa hiyo kuendesha tangi likiwa karibu tupu mara kwa mara huifupishia maisha. Uchafu na maji hukaa chini, na mafuta yakiwa kidogo ndivyo vinavyovutwa. Mteremko nao huongeza shida: gari likiinama, mafuta machache hukimbilia upande mmoja na kuacha mdomo wa kuvutia ukinyonya hewa, ingawa geji inaonyesha bado yapo. Katika nchi ya vilima kama Karagwe ni busara kuondoa moja ya kumi ya tangi, au zaidi kidogo kwa tangi dogo, kabla ya kuanza hesabu.

Matumizi ya mafuta ndiyo yanayowapoteza wengi. Magari mengi yaliyotumika yanayoingia nchini kutoka Japani huuzwa na takwimu zilizopatikana maabara, gari likizunguka juu ya rola, bila mzigo wa maana, bila tope na bila kilima. Kwenye changarawe dereva hukaa gia ndogo, hupunguza mwendo na kuongeza kila penye shimo. Masika ya Machi hadi Mei na mvua za mwishoni mwa mwaka huleta tope, ambamo magurudumu huzunguka bila gari kusogea. Kayanga iko kwenye nyanda za juu ambako hewa ni nyepesi kuliko pwani, na injini isiyo na tabo hupoteza sehemu ya nguvu zake. Dereva hulifidia pengo hilo kwa kukanyaga mafuta.

Njia ya uhakika ya kujua matumizi halisi ni ya zamani na rahisi. Tangi hujazwa mpaka pampu ikate yenyewe, gari likiwa mahali tambarare, kisha kilomita za dashibodi huandikwa. Safari ya kawaida ya kazi hufanywa, ikiwa na mzigo wake wa kawaida, halafu tangi hujazwa tena kwenye pampu ileile kwa namna ileile. Kilomita zilizotembewa hugawanywa kwa lita zilizoingia. Kipimo kimoja hakitoshi. Vikifanywa vitatu, kimojawapo wakati wa mvua, kinachopaswa kuingizwa kwenye hesabu ni kile kibaya kuliko vyote. Wastani haufai hapa, kwa sababu gari huishiwa mafuta siku ya safari mbaya. Anayenunua gari ambalo hajaliendesha anaweza kuwauliza wenye gari la aina hiyo wanaopita njia hiyohiyo.

Kuhusu sheli, swali zito ni ipi inayoweza kutegemewa. Mafuta ya Kagera husafiri kwa malori zaidi ya kilomita elfu moja kutoka bandari za Bahari ya Hindi, na kituo kidogo kinaweza kukaa bila shehena lori likichelewa. Umeme ukikatika na kituo hakina jenereta, pampu hazifanyi kazi hata kama mafuta yamo ardhini. Kisha kuna tofauti ya aina ya mafuta: vijijini petroli hutafutwa sana na waendesha bodaboda, ilhali dizeli inaweza kukosekana palepale petroli inapopatikana. Petroli ya chupa kando ya njia ni kinyume cha utaratibu wa EWURA, na mnunuzi hana namna ya kujua imechanganywa na nini. Kituo ambacho hakina uhakika kihesabiwe kama hakipo.

Mfano utasaidia. Tuseme mnunuzi wa kahawa anajaza mafuta mjini Kayanga, anakwenda Murongo na kurudi bila kutegemea sheli ya njiani. Kilomita 220 za barabara kuu zinaongezewa 60 za michepuko ya vijijini, jumla 280. Kwa ajili ya daraja lililofurika au njia iliyofungwa na kumlazimu kuzunguka, anaongeza theluthi moja. Anahitaji gari lenye masafa halisi ya kilomita zipatazo 370.

Gari dogo la tangi la lita 45, linalodaiwa kutembea kilomita 18 kwa lita, linaonekana kufika 810. Ondoa lita sita za chini, kisha chukua kilomita tisa kwa lita, kipimo cha siku ya tope na mzigo: zinabaki 351. Gari hilo halitoshi, ingawa karatasi zilionyesha zaidi ya maradufu. Pikapu ya dizeli kama Hilux yenye tangi la lita 80, ikiachiwa lita nane na kutembea kilomita nane kwa lita, inafika 576. Land Cruiser ya kubeba mizigo, yenye tangi la lita 130 na injini kubwa inayotembea kilomita sita kwa lita, inafika 720 baada ya kuacha lita kumi. Imebeba lita 50 zaidi ya Hilux, lakini imeongeza kilomita 144 tu. Tangi kubwa hupoteza sehemu ya faida yake kwa ulaji wa injini.

Pikipiki hushangaza katika hesabu hii. Boxer yenye tangi la takriban lita 11, ikitembea kilomita 40 kwa lita na kuacha lita moja na nusu, inafika 380. Kwa afisa ugani anayekwenda peke yake bila mzigo, inatosha pale gari dogo lilipokwama.

Dumu la akiba linafaa kwa dharura, lakini petroli ndani ya gari lenye abiria ni hatari, kwani mvuke wake huwaka kwa cheche ndogo. Libebwe nje, likiwa la chuma na limefungwa imara.

Kwa safari ya Murongo, basi, pikapu ya lita 80 inatosha kwa raha. Inatosha pia kwa anayeshuka kusini kutoka Bugene kwenda Kasulo, Ngara, zaidi ya kilomita 120 kwa upande mmoja, na kutaka kurudi siku hiyohiyo akiwa na mafuta aliyoyanunua kwenye sheli anayoiamini.