Sura ya 7: Siku ya Kwanza Ni Ipi?

Rasimu nyingi za taarifa ya mgonjwa mmoja ninazoletewa nizisome kabla hazijapelekwa kwenye jarida huanza hivi: "Mgonjwa alilazwa akiwa na malengelenge mwilini na vidonda mdomoni. Siku ya 3 alianza kupata nafuu." Siku ya 3 ya nini? Ya kulazwa. Mwandishi ameanza kuhesabu siku yeye alipomwona mgonjwa, kana kwamba ugonjwa ulimsubiri mlangoni. Katika madhara ya dawa, siku ya 1 ni ile kidonge cha kwanza kilipomezwa, na mara nyingi kilimezewa nyumbani, wiki moja au mbili nyuma, kwa kikombe cha maji ya kisima.

Nilipanga sura hii iwe na sehemu tatu zilizolingana: mfuatano wa siku, hukumu juu ya dawa, na ridhaa ya mgonjwa. Nitajitahidi.

Mgonjwa wetu ni wa kutunga. Nimemuunganisha kutoka kwa wengi ili nisimwanike yeyote, nikampa nyumba Usangi, juu ya milima ya Upare wa Kaskazini, kwa sababu utakayoiona mbele. Ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mshonaji, anayeishi na virusi vya UKIMWI. Kliniki ilimwanzishia Septrini ya kinga, miligramu 960 kila siku. Hakuna aliyekosea: dawa ilikuwa sahihi, kipimo sahihi, muda wake haujaisha. Ninalisema hili mapema kwa sababu mtu akibabuka ngozi, watu hukimbilia maelezo mawili. La kwanza, dawa ilikuwa mbovu. La pili, amerogwa. La pili silijibu kwa upole tena. Mchawi anayesubiri mpaka mtu ameze dawa ya jamii ya salfa, kisha akae siku 10 ndipo aanze kazi, ni mchawi aliyesoma famakolojia. Kilichotokea ni kwamba chembe za kinga za mwili wake ziliiona dawa kama adui, zikaanza kuua chembe za ngozi yake mwenyewe. Ngozi ya juu ikifa, huachana na ya chini kama maganda ya kiazi kilichochemshwa.

Sasa siku zenyewe. Siku ya 1, kidonge cha kwanza. Hadi siku ya 9, hakuna kitu. Siku ya 10, homa, macho kuwasha, koo kuuma akimeza, akadhani mafua. Siku ya 11 akaenda duka la dawa, akapewa amoksilini na panado. Siku ya 12 madoa ya rangi ya zambarau yakatokea kifuani na usoni, midomo ikavimba. Siku ya 13 malengelenge. Siku ya 14 akafikishwa hospitali, na asubuhi hiyo hiyo, kabla ya kupanda gari, mama mkwe wake alikuwa amempa Septrini ya siku, maana kliniki ilisisitiza asiruke hata moja.

Muulize mtu yeyote wodini dawa gani imemdhuru. Watasema amoksilini. Mama mkwe naye atasema hivyo: "Mwanangu, alikuwa na mafua tu. Kameza vile vidonge vya rangi mbili, kesho yake kaharibika." Ni ushahidi wenye nguvu masikioni, na si wa kweli. Homa na koo la siku ya 10 havikuwa mafua. Ndivyo ugonjwa huu unavyoanza: siku moja hadi tatu za homa na macho mekundu kabla ngozi haijaonyesha lolote. Amoksilini ilifika moto ukiwa umeshawaka. Ilinunuliwa kwa sababu ya madhara, ikaishia kushitakiwa kwa kuyaleta. Tena muda wenyewe unakataa. Kwa mtu ambaye hajawahi kuitumia dawa, madhara haya huchukua kwa kawaida siku 4 hadi 28. Saa 24 ni chache mno. Siku 10 za Septrini zimo ndani kabisa.

Ndiyo maana jarida linadai mfuatano wa siku. Mwongozo wa CARE wa mwaka 2013, ambao majarida mengi huufuata kwa taarifa za aina hii, umeuweka kuwa kipengele chake chenyewe. Vijana hudhani ni pambo, mchoro wa mshale wenye tarehe. Kumbe ndipo hoja nzima ilipo. Na hauwezi kuandikwa kutoka kwenye faili peke yake, kwa kuwa faili lilianza siku ya 14. Inabidi ukae na ndugu, uombe vipakiti vyenyewe, uhesabu vidonge vilivyobaki, urudi nyuma kwa matukio wanayoyakumbuka: ilikuwa kabla ya siku ya soko au baada? Uliza dawa za kienyeji bila kukunja uso. Ukikunja uso utaambiwa hakunywa chochote, na taarifa yako itakuwa na tundu usilolijua.

Hapa ndipo mpango wangu unapoharibika, maana siwezi kutaja salfa nikapita bila kusema habari ya SP.

Mwaka 2001 Tanzania Bara iliiacha klorokwini, iliyokuwa imeshindwa na vimelea vya malaria, ikaifanya SP, yaani salfadoksini na pirimethamini, kuwa dawa ya kwanza. Klorokwini ilikuwa chungu na iliwasha ngozi, lakini watu waliizoea. SP ilikuja na sifa mbaya mkononi: inababua. Hofu hiyo haikuwa ushirikina mtupu. Katika miaka ya 1980 wasafiri wa Kimarekani waliokuwa wakimeza dawa hiyo hiyo kila wiki kama kinga walipata madhara makali ya ngozi, na baadhi walikufa. Lakini kumeza kila wiki kwa miezi si sawa na dozi moja ya kutibu, na tofauti hiyo ilipotelea njiani. Kilichonikera wakati ule, na kinanikera bado, ni kwamba kila upele uliotokea baada ya SP ulihesabiwa kubabuka: surua, tetekuwanga, mkanda wa jeshi, hata joto. Kelele zilikuwa nyingi, taarifa zilizoandikwa vizuri chache. Mwishoni mwa 2006 ALu ikachukua nafasi ya matibabu, lakini SP haikuondoka: kliniki za wajawazito huitumia kuzuia malaria.

Na salfadoksini ina tabia moja inayomhusu mwandishi wa mfuatano wa siku. Kotrimoksazoli, yaani Septrini, hupungua nusu mwilini kwa takriban saa 10. Siku mbili tatu baada ya kuiacha imekwisha. Salfadoksini huchukua takriban wiki nzima kupungua nusu. Mgonjwa aliyemeza dozi moja ya SP wiki mbili zilizopita atakuambia "situmii dawa yoyote", naye anasema kweli, na dawa bado imo ndani yake. Ukiandika tarehe ya kidonge cha mwisho tu, umeandika nusu ya habari.

Turudi kwa mshonaji. Siku ya 14 Septrini ikasimamishwa. Eneo lililochubuka lilipimwa kwa kiganja chake mwenyewe pamoja na vidole, ambacho ni karibu asilimia 1 ya mwili: viganja 7. Chini ya asilimia 10 unaitwa ugonjwa wa Stevens na Johnson. Zaidi ya 30 una jina jingine na vifo vingi zaidi. Katikati ni mchanganyiko. Hao Stevens na Johnson, kwa taarifa yako, waliandika mwaka 1922 kuhusu watoto wawili tu wa New York, na mpaka leo tunatumia majina yao. Siku ya 17 hakuna lengelenge jipya. Siku ya 25 ngozi imefunga. Macho yalisafishwa kila siku, kwa sababu kope zikigandana na jicho, ngozi itapona na mtu abaki haoni vizuri.

Hukumu juu ya dawa hutolewa kwa alama. Kipimo cha Naranjo cha mwaka 1981 kina maswali 10. Madhara yalishaandikwa na wengine: 1. Yalitokea baada ya dawa: 2. Yalipungua ilipoachwa: 1. Yalionwa na kuthibitishwa na daktari: 1. Hakuna sababu nyingine: 2. Jumla 7, na kati ya 5 na 8 huitwa "yaelekea sana". Sasa chukulia hukuandika kwamba homa ilitangulia amoksilini. Kuna sababu nyingine, kwa hiyo badala ya kuongeza 2 unatoa 1. Jumla 4: "yawezekana" tu. Sentensi moja ya siku ya 10 imebeba alama 3. Ili kufika 9, "hakika", mara nyingi ungehitaji kumpa dawa tena uone. Nimewahi kuulizwa hilo na daktari mwenye shahada mbili: kidonge kimoja tu, tuhakikishe. Hapana. Kwa ugonjwa huu, kumrudishia dawa ni kumhatarisha maisha, na jarida lolote la maana litakutupia rasimu usoni. Andika 7 na utosheke.

Kabla ya jarida, ijazwe fomu ya njano ya TMDA, ambayo haihitaji uhakika wala Kiingereza kizuri. Na mgonjwa apewe kadi yenye majina, si neno "salfa" pekee: Septrini, kotrimoksazoli, SP, Fansida. Akipata mimba, muuguzi wa kliniki atamnyooshea SP mbele yake ameze, na neno lililoandikwa kwenye kadi ndilo litakalomzuia.

Sasa ridhaa, na sasa utajua kwa nini Usangi. Waandishi hudhani saini aliyoweka mgonjwa siku ya kulazwa inatosha. Ile ni ridhaa ya kutibiwa. Kuchapishwa ni jambo jingine, na huombwa akishapona, akiwa amekaa kwenye kiti, si akiwa kitandani anategemea mkono wako umpe maji. Hudhani pia kuwa kufuta jina kunaficha mtu. Jaribu kuandika "mshonaji wa kike, miaka 34, Usangi, alilazwa kwa kubabuka uso" uone kama kuna mtu kutoka Chomvu hadi Kirongwe atakayeuliza ni nani. Niliwahi kuletewa picha iliyozibwa macho kwa utepe mweusi, kwa uangalifu mkubwa. Chini ya utepe, kanga ya mgonjwa ilionekana wazi, na maneno yake yakisomeka.

Kwa huyu kuna jambo zito zaidi. Hali yake ya virusi haiwezi kuachwa nje, kwa sababu ndiyo sababu ya kupewa Septrini, na wenye virusi hupata madhara haya mara nyingi zaidi. Basi ridhaa iitaje waziwazi. Maneno ya kumsomea, kwa Kiswahili au kwa Kipare kama ndicho anachokielewa vizuri, ni kama haya: "Nimeelezwa kuwa habari za ugonjwa wangu, ikiwa ni pamoja na hali yangu ya maambukizi, na picha za midomo na kifua changu, zitachapishwa ili madaktari wengine wajifunze. Jina halitaandikwa, lakini naelewa kuwa anayenifahamu anaweza kunitambua. Nimesoma au nimesomewa kilichoandikwa. Nikikataa, matibabu yangu hayabadiliki. Naweza kujitoa hadi siku ya kuchapishwa." Asiyejua kuandika aweke dole gumba mbele ya shahidi asiye mfanyakazi wa hospitali. Kwenye jarida hubaki sentensi moja: mgonjwa alitoa ridhaa ya maandishi ya kuchapishwa kwa taarifa na picha hizi. Fomu yenyewe hubaki kabatini kwako. Usiitume jaridani, maana ina jina lake.

Kisha msomee rasimu nzima. Mshonaji wetu atasikiliza mpaka mwisho, na huenda akasema: "Dawa andika, siku andika, hata vidonda vya mdomo andika. Hiyo cherehani ifute. Na Usangi." Unafuta ushonaji, kwa kuwa haukusaidia kitu. Umri unaufanya "muongo wa nne wa maisha". Usangi inakuwa "wilaya ya milimani, kaskazini mashariki mwa Tanzania". Tarehe zote zinaondoka, zinabaki siku ya 1, ya 10, ya 11, ya 14.