Mgeni wa kituo cha simu asianze kwa kusema

Wapo vijana wetu hapa Maskati ambao kazi yao ya kwanza ni kupokea simu za wateja. Kampuni kubwa zina darasa la kuwafunza. Kituo kidogo chenye watu watano au sita hakina darasa, na simu hazinyamazi. Mgeni huonyeshwa kompyuta, akapewa nenosiri, na siku ya pili keshavishwa hedifoni. Wiki ya tatu haji tena, na mwenye kituo analalamika kuwa vijana wa siku hizi hawapendi kazi.

Binti wa ndugu yangu anasimamia kituo cha namna hiyo, cha kampuni ya kutengeneza viyoyozi. Wako sita. Kwa kuwa nimesomesha skuli miaka mingi, aliniomba tupange pamoja wiki za mwanzo za mgeni.

Kitu cha kwanza tulichokiona ni kuwa kinachomlemea mgeni si lugha wala adabu. Ni kusikiliza, kusema na kuandika kwenye kompyuta, vyote kwa wakati mmoja. Hata mtoto anayejifunza kusoma humpi imla siku hiyo hiyo. Basi tukayatenganisha.

Jumapili na Jumatatu ya wiki ya kwanza mgeni hagusi simu kabisa. Anapanda gari na fundi, aone mwenyewe namna nyumba inavyotafutwa kwa namba ya sikka na namba ya jengo, na namna fundi anavyosoma maelezo yaliyoandikwa kituoni. Kuanzia Jumanne anakaa na mkongwe. Hedifoni zao mbili zinaungwa kwa waya wenye matawi, wote wasikie. Mkongwe anasema na mteja, mgeni anaandika tu.

Hapo ndipo mafunzo yenyewe yalipo. Chukua mfano huu. Mteja wa Al Khuwair anasema kiyoyozi chake kinavuja maji. Mgeni anaandika: “Kiyoyozi kibovu.” Fundi akipewa karatasi hiyo atakuja na mtungi wa gesi, kumbe mara nyingi maji yakidondoka ndani ya chumba ni bomba la kutolea maji limeziba, na kinachotakiwa ni vifaa vya kulizibua. Atarudi siku ya pili, na mteja atapiga tena kwa hasira. Simu ikikatwa, mkongwe anamuuliza mgeni: mteja amesema maji yanadondoka ndani au nje? Chumba bado kinapoa? Ni kiyoyozi cha dirishani au cha ukutani chenye mashine yake nje? Nani atakuwepo nyumbani? Kwa siku tatu za kuandika, mgeni anayajua maswali kabla hajalazimika kuyauliza.

Wiki ya pili wanabadilishana. Sasa mgeni anasema, mkongwe anaandika. Katikati ya wiki mgeni anafanya yote mawili na mkongwe anasikiliza tu. Ugumu wa wiki hii uko kwa mkongwe, maana aliye hodari wa kazi hawezi kunyamaza. Mgeni akisita kidogo tu, huyo keshamnyang'anya mteja. Tulikubaliana ishara: mgeni akigonga meza, mkongwe aingie, asipogonga, akae kimya hata kama roho inamuuma. Kwa hiyo asichaguliwe anayepokea simu nyingi kuliko wote, achaguliwe mwenye subira, na yeye mwenyewe apunguziwe simu wiki hizo. Ndiyo maana pia kituo cha watu sita kichukue mgeni mmoja kwa wakati. Wageni wawili wanawatoa wakongwe wawili, na wanne waliobaki wataelemewa.

Wiki ya tatu mgeni yuko peke yake, lakini kwa simu za aina moja tu: kupanga siku ya fundi kwenda. Malalamiko na mambo ya fedha anayapeleka kwa wenzake. Ile skrini inayoonyesha wateja wangapi wanasubiri haiwekwi mbele yake, kwani akiiona ataharakisha na kuruka maswali.

Na asipimwe kwa dakika za simu, si sasa. Msimamizi achukue simu zake kumi za wiki hiyo, aangalie mambo mawili: mteja alipiga tena kwa jambo lile lile? Fundi aliifikia nyumba na vifaa sahihi bila kuuliza upya? Dakika zitashuka zenyewe akishazoea. Sheria ya kazi ya Oman ya mwaka 2023 inaruhusu muda wa majaribio hadi miezi 3, kwa hiyo hakuna sababu ya kumhukumu siku ya kumi na nne.

Limebaki la majira. Kwa kazi ya viyoyozi mgeni aanze Februari au Machi. Akianza Juni, joto limeshapanda, kila nyumba inapiga simu, na hakuna mkongwe atakayepata nafasi ya kukaa kando yake.