Majibu mamoja, wagonjwa wawili

Tuseme mama mkwe wa miaka 68 mwenye kisukari na mke wa mwanawe, mjamzito wa wiki 14, wamepimwa mkojo wa kuotesha siku moja. Majibu yanafanana: bakteria wa E. koli, zaidi ya 100,000 kwa mililita. Hakuna anayechomwa akikojoa, hakuna anayebanwa mkojo kila mara, hakuna mwenye homa. Wengi wetu tungekimbilia kumpa dawa mzee, kwa kuhofia sukari yake. Kumbe anayehitaji dawa ni mjamzito peke yake.

Kwa mzee huyu bakteria wamekaa kibofuni bila kumdhuru. Hali hiyo ni ya kawaida kwa wanawake wa umri wake, na kisukari huizidisha. Huko Kanada, wanawake wenye kisukari na bakteria wasio na dalili waligawanywa, wengine wakapewa antibayotiki na wengine hawakupewa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2002 yalionyesha kwamba dawa hazikupunguza maradhi ya mkojo yenye dalili. Hata chembe za usaha kwenye majibu, au mkojo wenye harufu, peke yake si sababu ya kutibu. Dawa ingemletea kuhara na kuacha kibofuni bakteria sugu, ambao siku akiugua kweli watakuwa wagumu kuwatoa. Ila akipata homa, maumivu ya ubavuni au kuchomwa akikojoa, hapo ni ugonjwa na atibiwe.

Kwa mkwewe mambo ni tofauti. Homoni za mimba hulegeza mirija inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo, na mji wa mimba unaokua huibana. Mkojo hutuama, bakteria wakapata njia ya kupanda. Katika tafiti za zamani, kati ya wajawazito 100 wasiotibiwa, 20 hadi 30 hivi waliugua figo: homa kali, kutetemeka, kutapika, kulazwa, na hatari ya kuzaa kabla ya wakati. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri atibiwe kwa siku 7 ingawa hasikii chochote. Dawa huchaguliwa kwa umri wa mimba na kwa majibu ya maabara. Nitrofurantoini, kwa mfano, huepukwa karibu na kujifungua kwa sababu inaweza kuharibu damu ya mtoto. Akimaliza dozi, apimwe tena.

Mwingine anayetibiwa bila dalili ni yule anayesubiri upasuaji wa kupitia njia ya mkojo unaotoa damu, kama ule wa tezi dume.

Sampuli nayo iwe safi: jisafishe, mwaga mkojo wa mwanzo, kinga wa katikati. Usipofanya hivyo, bakteria wa ngozini wataonekana kama wa kibofuni. Na kama una mimba, hata changa, mwambie daktari kabla hajakuandikia dawa yoyote.